Begi Limejaa, Mlango Uko Mbali: Tarkov, Hunt na ARC Raiders Zikilinganishwa

Kila aliyewahi kucheza gemu za kupora na kutoka anaujua wakati huu. Umeingia ramanini robo saa iliyopita ukiwa na nafasi tele kwenye begi na moyo mwepesi. Sasa begi limejaa, umeokota kitu ambacho umekitafuta wiki nzima, na ghafla kichaka ulichokipita bila kukiangalia ulipoingia kinakusimamisha. Mikono ni ileile na bunduki ni ileile, ila sasa una cha kupoteza.

Kwa ambaye bado ni mgeni: katika gemu hizi unaingia na silaha zako mwenyewe, unaokota vitu, unakutana na wachezaji wengine wanaotafuta hayohayo, na ulichookota hakiwi chako mpaka upite kwenye njia ya kutokea ukiwa hai. Ukifa, aliyekuua anapekua maiti yako. Watu wanaponiuliza waanze na ipi, mara nyingi huwa tayari wamelinganisha picha, bunduki na ukubwa wa ramani. Mimi naona wamelinganisha visivyo. Kinachotofautisha gemu hizi ni safari ya kutoka, yaani gemu inafanya nini ili kubeba ngawira kuwe hatari. Nitazilinganisha tatu kwa kipimo hicho: Escape from Tarkov, Hunt: Showdown 1896 na ARC Raiders.

Kwanza hesabu ndogo

Tuanze na mfano ambao tutaubeba mpaka mwisho. Silaha na mavazi uliyoingia nayo yana thamani ya 200. Umeshaokota vitu vya thamani ya 400. Mbele yako kuna jengo ambalo kwa kawaida linakupa vitu vya 100, lakini kulipitia kunaongeza uwezekano wa kufa: mara moja katika kila tano, hutoki. Uingie au uondoke?

Ukiingia, mara nne kati ya tano unapata 100, kwa hiyo faida yako kwa wastani ni 80. Mara moja kati ya tano unapoteza kila kitu, yaani 600, na hiyo kwa wastani ni hasara ya 120. Ondoka. Sasa chukua jengo lilelile mwanzoni mwa mchezo, begi likiwa tupu. Faida bado ni 80, lakini unachoweza kupoteza ni 200 tu, sawa na hasara ya 40. Ingia.

Jengo halikubadilika, wala adui hakubadilika. Kilichobadilika ni uzito wa begi lako. Kila unachookota kinapandisha bei ya hatua inayofuata, na ndiyo maana mchezaji yuleyule aliyeingia kwa kishindo anatoka kwa kunyata. Gemu zote tatu zinaicheza hesabu hii, lakini kila moja inashika namba yake: Tarkov inachezea thamani ya unachoweza kupoteza, Hunt inachezea uwezekano wa kufa, na ARC Raiders inakushushia gharama ya kuingia kisha inaukusanya wasiwasi wote mlangoni.

Tarkov: begi lina vyumba viwili

Escape from Tarkov, kazi ya Battlestate Games, ilifungua milango ya majaribio mwaka 2017 na kutoka rasmi Novemba 2025. Ukifa humo unapoteza karibu kila kitu ulichovaa na kubeba. Kinachobaki ni kisu chako, vitu vichache vya nafasi maalumu, na vilivyomo ndani ya kisanduku cha usalama. Kisanduku hicho ndicho kiini cha mjadala wote.

Kisanduku kidogo kabisa, Alpha, kina nafasi 4. Gamma ina 9, na Kappa, ambayo inapatikana kwa kumaliza orodha ndefu ya kazi, ina 12. Chochote unachokitia humo hakiwezi kuporwa. Mtu angedhani kinga hiyo inapunguza hatari. Irudie hesabu yetu uone.

Katika vile vitu vya 400, kimoja ni kadi ya picha ya kompyuta yenye thamani ya 250. Inachukua nafasi 2, kwa hiyo unaitia kisandukuni. Sasa ukifa unapoteza 350 badala ya 600. Hasara ya wastani inashuka kutoka 120 hadi 70, na faida bado ni 80. Jengo ambalo dakika moja iliyopita lilikuwa la kukwepa, sasa linafaa kuingia. Kisanduku kimekusukuma ndani zaidi! Ndiyo maana wachezaji wengi wa Tarkov wanakufa dakika chache tu baada ya kuokota kitu bora cha siku ile: wamekificha, na miguu ikawa miepesi kupita kiasi.

Watengenezaji waliliona hilo, na wakaweka alama ya Found in Raid. Kitu ulichookota ndani ya mchezo kinapata alama hiyo, na ukikitoa ukiwa hai unaweza kukiuza kwenye soko la wachezaji au kukikabidhi kwa kazi zinazoidai. Ukifa nacho kisandukuni, kitu kinabaki chako lakini alama inafutika. Unaweza kukitumia au kumuuzia mfanyabiashara wa gemu, ambaye kwa vitu vinavyotafutwa sana hulipa chini ya soko. Tuseme kadi yetu ya 250 bila alama inabaki na thamani ya 150 kwako. Ukifa unapoteza 350 pamoja na ile 100 iliyoyeyuka, jumla 450, na hasara ya wastani ni 90. Imeizidi 80. Ondoka.

Alama ndogo kwenye kona ya picha ya kitu imegeuza uamuzi wote. Hata kukimbilia mlangoni haraka kumewekewa breki, kwa sababu ukitoka mapema mno bila kufanya lolote la maana, gemu inakuandika Run Through na vitu ulivyookota havipati alama hiyo.

Kuna bima pia. Kabla ya kuingia unamlipa mmoja wa wafanyabiashara wa gemu, Prapor au Therapist, na vitu vyako ulivyoingia navyo vinarudishwa baada ya saa kadhaa ikiwa hakuna aliyetoka navyo. Bima haigusi ulichookota humo ndani. Ndiyo chanzo cha tabia moja ninayoipenda: rafiki yako akiuawa na huna nafasi ya kubeba silaha zake, unazitupa kichakani ili asizione mpita njia, na kesho yake zinamrudia.

Halafu njia yenyewe. Chukua ramani ya Customs. Ukianzia upande wa magharibi, karibu na jengo la Big Red, milango yako iko mashariki, kwa mfano ZB-1011. Aliyeanzia mashariki anatakiwa kutokea Crossroads au Trailer Park, ambako wewe umetoka. Kwa hiyo watu wenye mabegi yaliyojaa wanapishana katikati ya ramani, na mto uliopo unawabana kwenye vivuko vichache. Watu hawauawi darajani kwa bahati mbaya. Ramani imechorwa hivyo. Milango mingine ina masharti: RUAF Roadblock iko wazi ukiona moshi wa kijani, la sivyo umetembea bure, gari la Dorms V-Ex linataka ulipe rubli na linaondoka mara moja tu kwa mchezo mzima. Bonyeza O mara mbili uone milango yako, na fanya hivyo ukiwa umeingia tu, si ukiwa na begi zito na zimebaki dakika sita. Muda ukiisha ukiwa ndani unaandikwa MIA, yaani umepotea, na adhabu yake ni kama ya kufa.

Dawa ya aliyefilisika ni kuingia kama Scav, mtu mwenye silaha za kubahatisha ambazo si zako. Ukifa hupoteza chochote cha kwako, ukitoka unachukua vyote, na baada ya hapo unasubiri muda kabla ya kuingia hivyo tena.

Hunt: kila mtu anajua umebeba

Hunt: Showdown ya Crytek ilitoka kwa ukamilifu mwaka 2019, na mwaka 2024 ikaja na sura mpya na jina lililoongezwa 1896. Humo hakuna begi la kujaza misumari na betri. Ngawira ya kweli ni moja: zawadi ya kumuua dubwana. Wachezaji wasiozidi 12, peke yao au katika timu za wawili au watatu, wanatafuta vidokezo vinavyowaonyesha dubwana lilipo. Ukiliua lazima ulifukuzie kuzimu, kazi inayochukua dakika kadhaa, na tangu inapoanza ramani ya kila mchezaji inaonyesha ni wapi inafanyika. Ikiisha, unaokota zawadi. Kuanzia hapo, wapinzani wanaona kwenye ramani zao ni upande gani iliko zawadi hiyo.

Irudie hesabu. Hapa thamani haipandi kidogo kidogo. Inaruka mara moja, kutoka karibu sifuri hadi kila kitu, na wakati huohuo uwezekano wa kufa unaruka pia, kwa sababu sasa unawindwa. Hakuna kisanduku cha kuifichia zawadi. Anayekuua anaichukua na kugeuka mwindwa badala yako, kwa hiyo zawadi ileile inaweza kupita mikononi mwa timu tatu kabla ya kufika ukingoni mwa ramani.

Kinachoizuia hali hiyo isiwe uonevu ni kwamba aliyeshika zawadi anapewa macho: kwa sekunde chache, kupitia Dark Sight, anaweza kuwaona maadui walio karibu hata nyuma ya ukuta. Sekunde hizo zinapungua kadiri anavyozitumia. Wageni huzimaliza papo hapo wakiwa bado ndani ya jengo, wakizungusha kichwa kwa hofu. Wazoefu wanachungulia kwa nukta moja, wanahama, wanachungulia tena, na wanabakiza akiba ya njia ya kutokea.

Akiba hiyo inahitajika kwelikweli, kwa sababu mlango wa Hunt ndio mgumu kuliko yote niliyoyataja. Ukifika kwenye gari la farasi au mashua unasubiri sekunde 30, na adui akiwa karibu saa inasimama. Haishii kuweza kukuua mlangoni; anaweza pia kukuzuia usiondoke kwa kuwepo kwake tu. Ndiyo maana timu iliyoshindwa kulifikia dubwana haijashindwa bado. Inasoma ramani, inakisia mlango utakaoelekea, na inawahi kulala majanini.

Ukifa, mwindaji wako, yaani mhusika unayemchezesha, amekwenda pamoja na silaha zake na ujuzi uliomlimbikizia kwa mechi nyingi. Wanaoanza wanakingwa dhidi ya sheria hiyo kwa muda, na mapato ya uzoefu yanaingia kwenye ukoo wako, ambao unabaki hata kama mwindaji amekufa. Silaha nyingi za bei nafuu zinaua vizuri tu, kwa hiyo ni nadra kumwona mchezaji wa Hunt amekwama kwa ufukara. Kinachouma ni kumpoteza mtu uliyemlea. Na kuna uamuzi mmoja ambao wageni hawauamini: unaweza kuondoka bila zawadi wakati wowote. Mwenzako ameuawa, umebaki peke yako na mwindaji mzuri, na timu mbili zinapigana kule ndani. Kuondoka hapo ni mchezo mzuri.

ARC Raiders: kuingia bure, kutoka kwa kelele

ARC Raiders ya Embark Studios ilitoka tarehe 30 Oktoba 2025, na imewavuta watu wengi ambao Tarkov iliwashinda. Sababu kubwa naiona kwenye sakafu ya hasara. Unaweza kuingia na vifaa vya bure ambavyo gemu inakupa, kila unapotaka, bila kusubiri. Katika hesabu yetu ile 200 ya mwanzo inakuwa sifuri. Ukifa mara kumi mfululizo hujafilisika.

Bei yake ni kwamba vifaa vya bure havina mfuko salama. Ukitaka mfuko huo lazima uvae kifaa chako mwenyewe, kile kinachoitwa Augment, na idadi ya mifuko salama inategemea aina yake. Ni michache na inaingia vitu vidogo, kwa mfano Blueprint, yaani mchoro wa kutengenezea silaha. Tofauti na Tarkov, kitu kilichookolewa kwa mfuko huu hakipunguziwi hadhi. Umekufa, lakini mchoro ni wako mzima. Ile breki ya alama haipo, kwa hiyo mtu aliyeweka mchoro mfukoni anakuwa jasiri kupita kawaida. Ukikutana na mtu anakukimbilia bila kujali, huenda hana cha kupoteza au amekwisha kukificha.

Hatari imewekwa mlangoni. Mchezo unachukua dakika 30, lakini milango haifungwi yote pamoja. Inafungwa mmoja baada ya mwingine, na ramani inakuonyesha kila mmoja umebakiza muda gani. Anayechelewa anabaki na mlango mmoja au miwili, pamoja na wachelewaji wenzake wote. Zaidi ya hayo, unaweza kuingizwa kwenye mchezo ambao umeshaanza, basi angalia saa kabla ya kufungua kabati la kwanza.

Lifti unaiita kwa kubonyeza kitufe, na inapiga kelele inayosikika mbali. Inachukua muda kufika, na ukiwa ndani lazima ubonyeze tena ili milango ifungwe. Kosa la kawaida ni kusimama pale pale kwenye kitufe ukisubiri. Bonyeza, ondoka, jifiche mahali unapoona njia zote za kuja, na uingie lifti ikiwa imefika. Ukiwa na ufunguo wa Raider Hatch unakwepa yote hayo: unafungua kifuniko ardhini na kuzama kimya. Ufunguo unaisha kwa matumizi ya mara moja. Mimi huubeba siku ninayokwenda kutafuta kitu maalumu, na sijawahi kuujutia.

Sheria moja ya hapa inabadilisha kila kitu: mtu aliyeangushwa lakini hajamaliziwa anaweza kutambaa hadi ndani ya lifti na kutoka akiwa hai. Wiki yangu ya kwanza niliangushwa hatua tano kutoka mlangoni, aliyenipiga akaja kwa madaha kunipekua, nami nikatambaa na kubonyeza kitufe. Milango ikafungwa mbele ya uso wake. Kwa upande mwingine, mchezaji akiangushwa fataki hupanda angani, na waliopo jirani wanajua kuna maiti na kuna mshindi aliyejeruhiwa. Kumuua mtu karibu na lifti kunakuitia wageni mara mbili, kwa fataki na kwa kelele za lifti. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya watu wengi humo kusemezana kwa maikrofoni na kushuka pamoja badala ya kupigana: katika hesabu, risasi inapandisha hatari kuliko faida. Usiichukulie kama ahadi, hasa mgongo ukiwa wazi.

Ipi ikufae

Kama unafurahia kupanga, kuhesabu thamani ya kila nafasi ya begi na kujifunza ramani moja kwa miezi, nenda Tarkov. Uwe tayari kwa jambo moja ambalo hesabu haikuambii: hofu ya kutumia silaha nzuri. Watu wanajaza ghala bunduki bora na kuingia na mbovu. Dalili yake ni ghala linalokua huku idadi ya michezo unayotoka hai ikishuka. Ukiiona, chagua bunduki moja nzuri, weka nakala zake tano, na usiingie na nyingine mpaka zote tano ziishe.

Kama unachotaka ni mapigano yenyewe, na kuokota misumari kunakuchosha, Hunt ndiyo yako, na ningekushauri uwe na angalau mwenzako mmoja. Mtu peke yake aliyebeba zawadi anaweza kutoka, lakini zile sekunde 30 ni ndefu usipokuwa na wa kukuangalizia mgongo.

Kama una saa moja jioni na hutaki kufa mara tatu kukuharibie usiku, anza na ARC Raiders. Ingia na vifaa vya bure michezo kumi ya kwanza kwa lengo moja tu: kuita lifti, kujificha, na kuondoka. Usijali umetoka na nini. Mchezo wa kumi na moja vaa Augment yenye mfuko salama. Ukiona unaanza kusitasita mbele ya milango uliyokuwa ukiipita kwa mbio, hesabu imeshakuingia, na utajua kama unataka kupandisha dau hadi Tarkov au ubaki hapohapo.